Shajara ya kabrasha la udhamini: chaneli ya ufugaji wa kuku, Morogoro, Juni na Julai 2025

2 Juni

Leo tumeanza upya kazi ya kutengeneza kabrasha la udhamini la chaneli yetu ya YouTube, yaani karatasi za kumwonyesha mfanyabiashara anachopata akitangaza kwetu, baada ya lile la mwezi wa Machi kushindwa. Naandika kwanza namna lilivyoshindwa, kwa sababu marekebisho yote yanayofuata yanatoka hapo.

Lilikuwa na kurasa 11, na ukurasa wa kwanza ulibeba maneno makubwa yaliyosema kwamba tuna wafuatiliaji 41,200 na watazamaji milioni 2.3. Nililipeleka kwa mzee mmoja mwenye duka kubwa la vyakula vya mifugo hapa mjini. Akavaa miwani, akausoma ukurasa huo wa kwanza polepole, kisha akaniuliza, "Binti yangu, hao milioni mbili wako wapi? Maana Morogoro nzima naijua." Sikuwa na jibu. Milioni 2.3 ilikuwa jumla ya mara ambazo video zetu zote zimefunguliwa tangu tuanze, wala haikuwa hesabu ya watu. Mtu mmoja aliyetazama video zetu 40 alikuwa amehesabiwa mara 40. Mimi niliandika "watazamaji" kwa kutofikiri, na mzee alilishika kosa hilo kwa swali moja tu.

Kwa hiyo tumekubaliana na mdogo wangu, ambaye ndiye anayepiga picha na kuhariri, kwamba kila namba itakayoingia kwenye kabrasha jipya lazima iweze kujibu swali la yule mzee.

5 Juni

Nimeshinda ndani ya YouTube Studio, mahali mwenye chaneli anapoona takwimu za video zake. Nilichotaka kujua ni jambo moja: mdhamini akiweka tangazo kwenye video yetu ijayo, ataonwa mara ngapi ndani ya mwezi? Idadi ya wafuatiliaji haijibu swali hilo, kwa kuwa wengi waliobonyeza kitufe miaka miwili iliyopita hawafungui tena video zetu, na wengine wameshaacha kufuga.

Nilichukua video 12 za mwisho ambazo zimeshatimiza siku 30, nikaifungua kila moja, nikachagua tarehe mwenyewe kuanzia siku ilipotoka hadi siku ya thelathini, nikaandika namba ya Views kwenye daftari. Ni muhimu zote zipimwe kwa siku zilezile 30, kwa sababu video ya mwaka jana imekuwa na muda mrefu wa kukusanya watazamaji na ukiilinganisha na ya mwezi uliopita unajidanganya. Nilipozipanga kuanzia ndogo hadi kubwa zilikuwa hivi: 2,900, 3,100, 3,400, 3,600, 4,100, 4,300, 4,700, 5,200, 5,900, 6,800, 9,500 na 61,000.

Wastani wa kawaida, yaani kujumlisha zote na kugawa kwa 12, unatoa takriban 9,540. Lakini tazama orodha yenyewe: katika video 12, 11 hazikufikia wastani huo. Wastani umebebwa na video moja ya chanjo ya ugonjwa wa mdondo, ambayo ilisambazwa sana Kenya wakati wafugaji wa huko walipokuwa wakiitafuta kwa jina la kideri. Mdhamini akinunua nafasi kwa kuahidiwa 9,540, ana uwezekano mkubwa wa kupata nusu yake, na hatarudi. Tumeamua kutumia namba ya katikati: orodha ikishapangwa, unachukua ya sita na ya saba, 4,300 na 4,700, na kati yake ni 4,500. Hiyo ndiyo namba ya kwanza ya kabrasha. Video ya mdondo tutaitaja kando kama jambo lililotokea mara moja.

Mdogo wangu alisikitika kuona 41,200 imeshuka hadi 4,500. Nilimwambia idadi ya wafuatiliaji itabaki, ila itakaa chini kwa herufi za kawaida.

6 Juni

Nyongeza fupi kuhusu video fupi, zile zinazoitwa Shorts. Tangu 31 Machi 2025, YouTube huhesabu mara moja kila video fupi inapoanza kucheza au kujirudia, hata kama mtu ameipita kwa kidole bila kuitazama. Ndiyo maana namba zetu za Aprili zilipanda ghafla bila sisi kufanya lolote. Hesabu inayofanana na ile ya zamani bado ipo ndani ya Studio kwa jina la Engaged views, na hiyo ndiyo tutakayoiandika. Vilevile hatutaichanganya na hesabu ya video ndefu, kwa sababu tangazo la mdhamini halikai kwenye video fupi.

9 Juni

Siku ya leo imekuwa nzito, lakini ndiyo iliyotufundisha zaidi.

Mtu akifungua video si lazima alifikie tangazo. Katika Audience retention kuna mstari unaoonyesha, dakika kwa dakika, ni sehemu gani ya watazamaji bado wapo. Video zetu zina dakika 11 hadi 14, na kwa desturi tumekuwa tukiweka tangazo kwenye dakika ya tatu, baada ya kulionyesha banda lote. Nilipofuata mstari huo katika video zile 12, nilikuta kwamba ikifika dakika ya tatu wamebaki asilimia 52. Kwenye dakika ya kwanza na sekunde 20, walikuwa bado asilimia 68. Maana yake, kwa video ya mara 4,500, tangazo la dakika ya tatu linafikiwa mara 2,340, na likisogezwa mbele hadi hapo kwenye dakika ya kwanza linafikiwa mara 3,060. Tofauti ya mara 720 ilikuwa inapotea bure, na tulikuwa tukiwauzia wadhamini nafasi dhaifu bila kujua.

Niliogopa kwamba tangazo la mapema litawafukuza watu, kwa hiyo nilitazama video mbili za mwaka jana ambazo kwa bahati tangazo lilikuja mapema. Katika moja mstari ulianguka vibaya hapohapo lilipoanza, kwa sababu tulikata maelezo katikati na kuingiza muziki. Katika ya pili mstari ulishuka kidogo tu. Pale mfugaji mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya mashine anayoitumia na tangazo lilizungumzwa na mimi palepale bandani. Kuanzia sasa nafasi tunayouza ni ya sekunde 60, inaanza kati ya dakika ya kwanza na sekunde 10 na dakika ya kwanza na sekunde 30, nayo inarekodiwa bandani bila muziki.

Kisha nchi. Kwa video zile 12, asilimia 58 ya watazamaji wako Tanzania na asilimia 21 Kenya, waliobaki wametawanyika. Kwa hiyo kati ya mara 3,060, zilizo Tanzania ni takriban 1,770. Namba hii nayo itaandikwa, kwa sababu muuzaji wa Morogoro hampelekei mtu wa Nakuru gunia la chakula. Umri na jinsia nimeviweka kwa sentensi moja tu, kwa kuwa Studio huvijua kwa wale walioingia kwa akaunti zao na si kwa kila mtu.

12 Juni

Kuna jambo ambalo Studio haiwezi kuniambia nalo ndilo mdhamini wetu analihitaji kuliko yote: mtazamaji ana kuku wangapi? Anayefuga kuku 15 nyuma ya jiko ananunua tofauti kabisa na mwenye 600.

Tuliuliza kwenye maoni, tukalibandika swali juu, kwamba kila mtu aandike mkoa au nchi aliyopo na idadi ya kuku alionao. Tumepata majibu 214. Wenye kuku chini ya 100 ni 131, wenye 100 hadi 500 ni 62, na wenye zaidi ya 500 ni 21. Waliosema wako mkoa wa Morogoro ni 46, na kati yao 17 wana kuku 100 au zaidi.

Nimeandika kwenye kabrasha "watazamaji 214 waliojibu swali letu", wala sikuandika "asilimia 39 ya watazamaji wetu wana kuku 100 na zaidi", ingawa hesabu inatoa hivyo. Anayejibu swali kama hili kwa kawaida ni mfugaji mwenye bidii. Mwenye kuku wanne huenda aliona aibu akapita.

17 Juni

Kazi zilizopita. Tumewahi kudhaminiwa mara mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya duka la vyakula, na haina ushahidi wowote. Wauzaji waliombwa kumuuliza kila mteja mpya alikotoka, na wateja walijibu "nimeona mtandaoni". Duka hilo lilikuwa na matangazo yake mengine mtandaoni wiki zilezile, kwa hiyo jibu hilo halikutusaidia sisi wala wao.

Ya pili, Februari 2025, ilikuwa ya fundi anayetengeneza mashine za kutotolesha vifaranga. Safari hii tuliomba asajili laini mpya ya simu ambayo haitatajwa popote isipokuwa kwenye video yetu. Simu ndogo yenye laini hiyo ilikaa kwenye meza ya karakana, na pembeni yake daftari la mistari ambalo dada wa mapokezi alilichora safu tatu kwa rula: tarehe, anakopiga kutoka, na alichouliza. Leo nimekwenda kulitazama daftari lenyewe. Ndani ya siku 30 kuna mistari 37. Wengi waliuliza bei ya mashine ya mayai 60, saba waliuliza kama inafanya kazi umeme unapokatika, na kwenye mstari mmoja dada ameandika "Kahama, atapiga akivuna". Video hiyo ilitazamwa mara 5,200 katika siku 30.

Fundi aliniambia kwamba katika simu hizo 37 aliuza mashine tano. Nilimwomba ruhusa ya kuyaandika yote.

"Simu andika, dada," akasema. "Na jina la karakana andika. Ila mashine nilizouza usiziandike kwenye karatasi itakayozunguka mjini."

"Na nikiandika tu kwamba uliuza?"

"Andika kwamba niliuza. Idadi iache."

Ndivyo itakavyokuwa, na katika shajara hii pia nimeacha jina lake. Kabrasha litasema: simu 37 ndani ya siku 30 kwa laini iliyotumika kwenye video yetu pekee, na mauzo yalipatikana. Tumeambatisha picha ya ukurasa mmoja wa daftari. Udhamini wa duka tumeutaja kwa mstari mmoja kama kazi iliyofanyika, bila kuudai matokeo.

20 Juni

Bei. Februari tulimtoza fundi shilingi 150,000, na sikumbuki tulivyoifikia. Nadhani ilisikika vizuri tu. Leo tumeitafuta kutoka pande mbili.

Upande wa chini ni gharama yetu. Sekunde 60 za mdhamini zinatutaka twende kwenye karakana au duka lake kuelewa bidhaa, tuandike maneno, turekodi bandani, tuhariri, na turekebishe mara moja akiomba. Ni siku moja na nusu ya watu wawili, pamoja na nauli na bando. Kwa malipo ya chini kabisa ambayo tungeyakubali kwa siku hizo, tumepata 120,000. Chini ya hapo tunamfadhili mdhamini.

Upande wa juu ni faida ya mdhamini. Kama video ya mara 5,200 ilileta simu 37, video yetu ya kawaida ya mara 4,500 itegemewe kuleta kama 32. Hii ni hesabu ya video moja tu, na tumesema hivyo. Kwa bei ya 180,000, kila simu itamgharimu takriban 5,600. Fundi anasema mashine moja humwachia faida ya karibu 90,000, kwa hiyo akiuza mbili amerudisha fedha yake. Kwake bei hiyo ni ya haki.

Kwa muuza chakula hesabu inageuka. Tuseme gunia la kilo 50 linamwachia 2,500. Ili arudishe 180,000 anahitaji kuuza magunia 72 ambayo asingeyauza vinginevyo. Hata hivyo chakula hununuliwa tena na tena. Kuku wa mayai anakula takriban gramu 120 kwa siku, hivyo kuku 200 wanamaliza kilo 24, na gunia haliwatoshi siku tatu. Mfugaji huyo anachukua magunia 14 na zaidi kidogo kwa mwezi. Akiwapata watano wa namna hiyo, amemaliza deni la tangazo ndani ya mwezi mmoja na tayari ana wateja wa kudumu. Shida ni kwamba lazima wawe karibu na duka, na watu wetu wa Morogoro tunaowajua wenye kuku 100 na zaidi ni wale 17.

Kwa sababu hiyo hatutamwuzia mwenye duka la mjini nafasi ya 180,000. Tumemtengea kutajwa kwa sekunde 15 ndani ya dakika mbili za mwanzo, pamoja na namba ya simu juu kabisa kwenye maelezo ya video, kwa shilingi 70,000. Magunia 28 yanairudisha, yaani wafugaji wawili kama yule.

Mdogo wangu alitaka bei zisiandikwe, tuwe tunazitaja kwa mdomo. Nimekataa. Mfanyabiashara asipoona bei iliyoandikwa huhisi kwamba unamtazama usoni kwanza ndipo umpangie. Bei zitakaa ukurasa wa pili, na chini yake maneno "zinatumika hadi 30 Septemba 2025".

26 Juni

Masharti yamechukua nusu ukurasa. Nusu ya malipo kabla ya kurekodi na nusu nyingine siku video inapotoka. Marekebisho ni mara moja. Kwa siku 30 hatutangazi mshindani wa bidhaa ileile. Mdhamini akitaka kukichukua kipande chetu na kukitumia kwenye kurasa zake, anaongeza 50,000 kwa miezi mitatu. Sharti hili tuliliongeza baada ya duka la kwanza kuitumia sauti yangu karibu mwaka mzima. Kila video yenye udhamini itawekewa alama ya Paid promotion kwenye YouTube na nitatamka kwa mdomo kwamba tumelipwa. Dawa ya mifugo isiyosajiliwa na TMDA hatuitangazi kwa bei yoyote.

Tumeandika pia kwamba bei ni kabla ya kodi ya zuio. Kampuni inayotulipa inaweza kukata asilimia 5 ya malipo ya huduma na kuipeleka TRA, hivyo 180,000 inafika mkononi ikiwa 171,000. Ni vizuri lisemwe mapema, na tudai hati ya kodi iliyokatwa.

3 Julai

Kabrasha limekwisha: kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza una picha moja ya bandani, sentensi mbili kuhusu sisi, namba nne kwa mfuatano (4,500 hutazamwa kwa siku 30, 3,060 hufikia tangazo, 1,770 kati ya hizo ziko Tanzania, 214 waliojibu), kisha habari ya simu 37. Ukurasa wa pili una bei na masharti. Kila namba ina tarehe ilipochukuliwa, na picha za skrini za Studio ziko kwenye faili la pembeni kwa atakayezitaka.

La Machi lilikuwa na uzito wa MB 18 na wengi hawakuwahi kulifungua. Hapa watu hupokea vitu kwa WhatsApp na bando ni la kununua. Hili lina KB 640. Nimelijaribu kwenye simu ya mama, yenye skrini ndogo iliyopasuka pembeni. Safu ya bei haikusomeka bila kuvuta kwa vidole viwili, kwa hiyo tumeongeza herufi na kufuta mapambo ya kijani yaliyokuwa yakila nafasi.

11 Julai

Tumelituma kwa watu watatu. Muuza vifaranga wa Dar es Salaam hajajibu. Kampuni ya vifaa vya kunyweshea maji imeomba picha za skrini, tukazituma saa ileile kwa kuwa zilikuwa tayari; wameuliza kama tunaweza kuwapa video tatu, na tumewapa bei ya 480,000 badala ya 540,000. Wanasubiri idhini ya mkubwa wao.

Wa tatu ni yule mzee. Nilimpelekea kwa mkono, limechapwa. Alizisoma kurasa zote mbili, akarudi kwenye ile 1,770, akaiwekea kidole. "Na wa Morogoro?" Nikamwonyesha 46, na 17 wenye kuku mia na zaidi. Akanyamaza, kisha akamwita kijana wake na kumwuliza kama ile laini ya zamani ya duka bado iko hewani. Imefungwa. Nimemwambia asajili mpya, na isipewe mtu yeyote mpaka video itoke. Tunarekodi Jumanne, sekunde 15, na ameshalipa 35,000 ya mwanzo.

Lililobaki: kuchora daftari la safu tatu na kulipeleka dukani kabla ya Jumanne, na kuongeza safu ya nne ya idadi ya kuku.